Sanduku ya Imbwa Muzima

Ko. Ko. Ko.

Sauti ile bado ninayo masikioni. Ni kichwa cha imbwa kikigonga mbao ya juu, ndani ya sanduku ambalo sisi wenyewe tulilitengeneza. Hakubweka, hakulia. Alijaribu kusimama, kichwa kikagonga, akashuka. Akajaribu tena. Ko. Tulikuwa watu watatu katika kile chumba cha mizigo cha uwanja wa ndege wa Beni. Kisha mwenye kupokea mizigo akaweka kalamu chini.

“Muko munasafirisha imbwa,” akauliza, “ao muko munazika?”

Nilicheka. Si kwa ubaya. Mimi nikiogopa nacheka, tangu utoto, na nimepigwa mara nyingi kwa sababu ya hiyo. Lakini yule mama mwenye imbwa akanigeukia kwa macho ambayo yangeweza kuwasha kuni mbichi.

Nianze mwanzo, maana ukisikia hivyo utafikiri tulikuwa watu wabaya. Hatukuwa wabaya. Tulikuwa tumezoea kazi moja tu.

Wakati huo nilikuwa nashona katika atelier, karakana ya mbao kule Butembo, mtaa ao commune ya Kimemi, barabara ya vumbi ambako watengenezaji wa vitanda, wa milango na wa masanduku wamepangana mlango kwa mlango. Yetu ilikuwa ya masanduku. Na kwetu ukisema sanduku mbele ya fundi, bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni sanduku ya marehemu. Patron, mwenye atelier, alipima na kukata, wanaume wawili walipigilia misumari na kupaka verni ya kung’arisha, na mimi nilishona kitambaa cheupe cha ndani pamoja na kamto kadogo ka kichwa. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari, halafu nikajifunza kushona kwa masista. Ndoto yangu ilikuwa nguo za ndoa. Nilipokuwa nakunja vile vitambaa vyeupe nilijiambia kwamba ni mkono uleule, ni sindano ileile, siku moja mwenye kuvaa atakuwa anacheza.

Nyuma ya mlango wa atelier kulikuwa na mbao moja ndefu iliyosimamishwa ukutani. Hapo patron aliandika vipimo kwa kalamu ya fundi: urefu, upana wa mabega, kina. Mstari mmoja, mtu mmoja. Familia ikija kuchukua sanduku, patron alipiga mstari juu ya zile namba, basi, imekwisha. Hakuandika majina. Namba tu.

Patron alikuwa na majivuno ya kazi yake. “Sanduku yangu haijarudishwa hata siku moja,” aliwaambia wateja. Wale wanaume wawili walikuwa wananong’ona nyuma ya randa: “Nani angeirudisha?”

Sasa, asubuhi moja akaingia mama. Mwembamba, kitenge kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kupigana, mkononi kamba, na kwenye kamba imbwa mkubwa wa rangi ya udongo, masikio yamesimama kama majani mawili ya mahindi. Mama hakusalimia.

“Nataka sanduku ya imbwa.”

Randa zikasimama. Patron akamtazama yule imbwa, akamtazama mama.

“Imbwa imekufa lini?”

“Weye utakufa mbele yake.”

Wanaume wakapiga kelele za kicheko. Patron hakucheka. Alisema kwamba hapa panatengenezwa kwa ajili ya wakristo, mama aende kwa mafundi wa vibanda vya kuku. Mama akasema ametoka huko, wamemfukuza, na kama angepata fundi mwenye adabu asingekuja kwa mtu anayekula kwa machozi ya wenzake. Walizozana hivyo mpaka watu wa barabarani wakasimama kutazama, na mmoja akapaza sauti: “Mama, uzalie huyo imbwa mutoto, umupeleke ku école asome!”

Ni katika yale matusi ndipo nilijua habari yake, kipande baada ya kipande. Alitoka upande wa Mbau. Usiku wa mashambulizi ya kule, imbwa yule ndiye aliyewaamsha, wakapata kutoka nyumbani kabla wale watu hawajafika. Hakueleza zaidi, na kwetu mtu haulizi zaidi. Sasa mtoto wake aliyeko Kinshasa amemtumia tiketi. Ndege inaondoka Beni siku ya Alhamisi. Mwenye nyumba anakopanga Butembo amekwisha kumwambia: ukienda, hiyo imbwa nitaiwekea dawa kesho yake, inauma batoto. Jirani hakuna anayemtaka. Daktari wa wanyama amempiga sindano na kutoa karatasi. Ndege inakubali imbwa, lakini ndani ya sanduku. Basi ni hivyo: sanduku ikipatikana, imbwa anaenda, isipopatikana, imbwa anakufa.

“Kama iko inabaki, na miye nabaki,” alisema. “Tuwekewe dawa wote.”

Nadhani ni hayo yaliyomshinda patron, ao pengine alitaka tu watu waondoke mlangoni. Akachukua metre yake ya chuma ya kupimia.

“Ilaze chini.”

“Kuilaza kwa nini?”

“Mama, miye napima toka miaka makumi mbili. Wenye napima banalala.”

Mama akamvuta imbwa, akamlaza ubavu, akamshika shingo. Alimwita “Weye.” Hilo ndilo lilikuwa jina lake. “Weye, lala. Weye, tulia.” Patron akapima kutoka pua mpaka pale mkia unapoanza: sabini na nane. Akaongeza vidole viwili vya marehemu, ndivyo tulivyoviita: sentimeta mbili upande wa kichwa, mbili upande wa miguu. Themanini na mbili. Akakunja miguu ya imbwa kama anavyopanga mikono ya mtu kifuani, akapima kutoka mgongo mpaka magoti, akaongeza vidole vyake: thelathini na sita. Kina akaweka hamsini, akasema ametoa zawadi, maana imbwa amelala hafikishi hata thelathini.

Mimi nilikuwa na sindano mdomoni. Nikaitoa.

“Patron, asimamishwe kwanza. Huyu ni muzima. Ata—”

“Weye uko mu kitambaa. Baki mu kitambaa.”

Nikabaki kwenye kitambaa. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikurudia mara ya pili. Mshonaji anajua jambo hili kabla hajajua kusoma saa: ukimpima mtu amejinyoosha kama mbao, nguo itampendeza mpaka atakapotaka kukaa. Marehemu peke yake ndiye asiyehitaji kuachiwa nafasi ya kwapa.

Patron akaandika ukutani chini ya watu wengine: 82, 36, 50.

Sanduku likawa zuri, nisiseme uongo. Mbao laini, kona zimeshikana, mlango wa nyavu mbele, matundu ya hewa pembeni. Jumatano asubuhi mama alipokuja kulichukua, imbwa alikataa kuingia. Alinusa, akarudi nyuma, akapanua miguu yake minne kama mbuzi kwenye daraja.

“Haipendi,” mama akasema.

“Hata batu habapendake kuingia,” patron akajibu.

Mama akataka mtu wa atelier amsindikize mpaka Beni, mwenye nyundo, kama kuna msumari utalegea njiani. Wale wanaume wawili walikataa. Mmoja alisema hatakaa gari moja na mdomo ule, na hakumaanisha mdomo wa imbwa. Patron akanielekeza mimi kwa kidevu. Nilifurahi sana! Beni, ndege, mama anayepanda hewani. Nikaweka katika mfuko nyundo, misumari, sindano, na metre yangu ya kitambaa, ile ya kujiviringisha, ambayo siiachi popote.

Katika gari hakuna aliyetupenda. Sanduku lilifungwa juu, imbwa alikaa chini ya miguu yetu, na mwanaume mmoja wa kiti cha nyuma alisema njia yote kwamba batu bako banatembea na mizigo ku kichwa, na hapa imbwa inalipiwa nafasi. Mama hakugeuka. Alisema tu, “Huyu anajua kuamsha batu. Weye unajua nini?” Mimi nilitazama milima na kujisimulia jinsi nitakavyoshona nguo yenye mkia mrefu. Mama akaniona natabasamu. “Unacheka nini?” Nikarudisha macho kwenye milima.

Sasa turudi kwenye chumba cha mizigo. Ko. Ko.

Mama ndiye aliyemsukuma ndani, kwa magoti, akikaribia kulia. Imbwa alipoingia alitaka kugeuka atutazame. Ubavu ukakwama upande mmoja, matako upande mwingine. Alibaki amejikunja kama chapati iliyokunjwa, kichwa chini, akajaribu kusimama, na ndipo ile sauti.

Mwenye kupokea mizigo alikuwa kijana wa suruali iliyopigwa pasi vizuri, na alikuwa na chuki ya mtu anayeulizwa maswali siku nzima. “Niko nakataa,” alisema. “Imbwa inasimama, kichwa na masikio hapana kugusa. Inageuka. Inalala na miguu imenyooka. Hii hapana. Hii ni cercueil, sanduku ya mufu. Niko na kazi, mama, utoe.”

“Ni masaa mawili tu ya ndege!”

“Hata dakika mbili.”

“Uko na roho ya nini weye?”

“Ile ya kukataa. Kesho saa mbili ya asubuhi tunafunga mizigo. Inapita ao inabaki.” Akavuta karatasi moja katika droo, akaitupa juu ya sanduku, si mkononi mwetu. “Mujue kusoma.”

Nje, kwenye jua, mama alinishambulia. Kwamba sisi watu wa Kimemi ni wezi wa mbao. Kwamba nimecheka. Kwamba nilikuwepo nikaona imbwa akilazwa, nikanyamaza. Hilo la mwisho lilikuwa karibu kweli, maana nilisema mara moja tu, likaniingia mpaka ndani. Nikampigia patron simu.

“Imekataliwa, patron. Ni fupi, ni nyembamba, na juu ni chini.”

Akajibu: “Sanduku yangu haina kosa. Ni imbwa njo iko na kosa. Mukunje miguu yake.” Akakata.

Basi nikakaa kwenye jiwe, nikafungua ile karatasi. Kifaransa kilikuwa kidogo, picha ilikuwa kubwa: imbwa amesimama ubavu, halafu amesimama mbele, na mishale yenye herufi. Nikacheka tena, safari hii kwa furaha, maana ile karatasi ilikuwa kama zile za masista, za kupima gauni. Imbwa wao alikuwa amesimama! Wima, kichwa juu, kama bibi arusi mbele ya kioo.

“Mama, umusimamishe.”

“Ili iwe nini?”

“Umusimamishe tu. Mushike kidevu, atazame mbele.”

Alimsimamisha huku akinitukana. Nikapitisha metre yangu ya kitambaa. Herufi ya kwanza, kutoka ncha ya pua mpaka shina la mkia: sabini na nane, kama ya patron. Mama akasema nimesahau mkia, mkia nao ni wake, utakatwa? Nikamwonyesha mshale: unaishia pale mkia unapozaliwa, maana mkia unajikunja wenyewe. Ya pili, kutoka chini mpaka kiwiko cha mguu wa mbele: thelathini na mbili. Ya tatu, mabega, pale mapana zaidi: makumi mbili na moja. Ya nne ilinifanya nirudie mara mbili. Inapimwa kutoka chini mpaka juu kabisa, kichwa ao masikio, kile kinachofika mbali. Masikio ya Weye yalikuwa yamesimama. Sitini na nne. Na sisi tulimpa hamsini! Kumi na nne nzima za kichwa chake tulizikata kwa kuwa alipimwa amelala.

Halafu chini ya picha kulikuwa na hesabu, na hapo nikaelewa ile nafasi ya kugeuka wanaificha wapi. Urefu wa sanduku ni urefu wa imbwa pamoja na nusu ya kile cha kiwiko: sabini na nane, ongeza kumi na sita, tisini na nne. Upana ni mabega mara mbili: arobaini na mbili. Kimo ni ile ya masikio, pamoja na unene wa godoro. Na neno moja lilikuwa limepigiwa mstari chini yake: ndani. Vyote vinapimwa kwa ndani.

“Mabega mara mbili,” nikamwambia mama. “Mutu akigeuka, anahitaji kuwa babili kidogo.”

“Usinifundishe,” akasema. Lakini aliniinamia, akaitazama karatasi.

Sanduku letu halikuweza kuongezwa. Ukirefusha, upana haufiki. Ukipanua, kimo hakifiki. Tulilibeba mimi na yeye, imbwa nyuma, mpaka commune ya Ruwenzori, mulemule Beni, tukiuliza fundi. Wa kwanza alisema hafanyi kazi za mashetani. Wa pili alikuwa mzee wa kanisa, mtengeneza vitanda, na ubao wa zaburi juu ya mlango wake. Alilitazama sanduku letu, akakagua kona zake, nikajua amependa mkono wa patron.

“Imbwa,” alisema. “Batu banalala chini ya maturubai, na muko munatengenezea imbwa nyumba.”

Mama akafungua mdomo. Mimi nikawahi. “Papa, hiyo ni kweli. Lakini tukopeshe msumeno. Kazi nitaifanya mwenyewe.”

“Weye? Na mikono hiyo ya kushona?”

“Njo hiyo,” nikasema, yaani ndiyo hiyohiyo.

“Mwanamuke hapana kushika msumeno yangu.” Akakaa. Akatazama imbwa, aliyekuwa amelala mlangoni akitazama barabara, sikio moja mbele, moja nyuma. Akatazama sanduku tena. “Hiyo utaniachia?”

“Papa utaifanyia nini?”

“Kuku.”

Basi hivyo ndivyo kazi ya patron iliyokuwa haijarudishwa hata siku moja ilivyokuwa kibanda cha kuku cha mzee wa kanisa. Kwa kubadilishana alitupa triplex iliyobaki, zile mbao za tabaka, mirunda ya kona, nyavu, na mikono yake, lakini si ulimi wake; ulimi uliendelea kututukana mchana wote. Alikata haraka, akilalamika. Nikawa natazama kila mbao kwa metre yangu. Alipotaka kupigilia mbao mbili za mwisho, nikaweka mkono juu ya msumari.

“Ngoja, papa. Unaziweka ndani ya mbao za pembeni.”

“Njo inakamatana.”

“Zina unene wa mbili kila moja. Tisini na nne yetu itabaki tisini.”

“Ni ine tu! Imbwa inajua kuhesabu?”

“Ule wa uwanja wa ndege anajua.”

Alinitazama muda mrefu na nyundo yake hewani. Nilitabasamu, nifanye nini? Akaziweka kwa nje, akipiga kila msumari kama kwamba ni mimi. Kimo niliomba sabini: sitini na nne za masikio, nne za godoro, na mbili za kwangu. Akauliza hizo mbili ni za nini. Nikasema ni za siku ambayo imbwa atasikia kitu na kuinua shingo. Mzee alitoboa matundu ya hewa pande zote, hata upande wa nyuma ambako sikumwomba.

Jua lilikuwa bado juu nilipomaliza kushona godoro, la gunia, nimejaza maranda ya mbao. Tukafungua mlango wa nyavu. Mama alishika kamba, akajiandaa kusukuma kwa goti.

“Usimusukume,” nikamwambia. Nilishangaa kusikia sauti yangu ikimwamuru mama wa watu.

Imbwa alinusa. Akaingiza mguu mmoja. Akatazama nyuma kama kuuliza ni nani aliyekufa safari hii. Kisha akaingia mwili wote, akatembea mpaka mwisho, akasimama. Nikasubiri ile ko. Haikuja. Masikio yalikuwa wima na juu yake palipita hewa. Akageuka: kichwa, bega, ubavu, mkia, polepole, bila kugusa, mpaka pua yake ikatutazama kwenye nyavu. Akazunguka mara moja zaidi, bure tu, kama wanavyofanya, akalala na miguu ya mbele imenyooka.

“Wasingya,” mama akasema, ile asante ya kwetu ya Kinande. Alikuwa anamwambia imbwa. Mimi na mzee wa kanisa hatukuwemo.

Alhamisi saa mbili kasoro, kijana wa mizigo alitupokea kwa uso uleule. Alitoa metre yake mwenyewe. Alipima urefu kwa ndani, akapima tena. Alipima upana. Alitikisa mlango kwa nguvu mpaka nikaogopa bawaba. Aliuliza chombo cha maji kiko wapi. Kilikuwepo, kimefungwa kwenye nyavu kwa waya. Aliuliza karatasi ya daktari, ilikuwepo. Niliona wazi kwamba anatafuta kosa, na kwamba kulikosa kunamwudhi.

“Iingie,” alisema. “Isimame.”

Akasimama.

“Igeuke.”

Mama akapita nyuma ya sanduku na kuita kwa sauti ndogo, “Weye.” Imbwa akageuka kumfuata. Mama akarudi mbele, imbwa akageuka tena. Yule kijana akatazama juu ya masikio, akaweka vidole vyake viwili katika ile nafasi, vikaingia.

“Nani alitengeneza?”

“Miye na fundi mumoja,” nikasema.

“Jana mulileta ile ingine kwa nini sasa?” Akapiga muhuri bila kungoja jibu. “Mbele! Munafunga njia.”

Nilifikiri mama ataniaga kwa neno zuri. Nilikuwa nimeliandaa hata jibu lake. Lakini alikuwa na hofu ya ndege na hofu ya mtoto wake na hofu ya mji mkubwa, na mtu mwenye hofu tatu hana adabu iliyobaki. Alifika mlangoni, akarudi hatua mbili, akanishika kifundo cha mkono, akabana mpaka pakauma.

“Acha kushonea bafu,” alisema, yaani wafu. “Unasikia? Bako bengi ba kubashonea. Acha bengine bashone.”

Akaenda. Nilingoja nje ya uzio mpaka ndege ikapita juu ya vichwa vyetu. Nilipunga mkono kama mjinga. Niliwaza yule imbwa ndani ya giza la tumbo la ndege, akisikia ule mngurumo, akiinua shingo. Mbili zangu ziko pale, nikajiambia. Ziko pale.

Butembo, patron, ambaye nilikuwa nimempigia simu kumweleza yote, alinipokea kwa kelele kabla sijavuka kizingiti. Kwamba nimeliacha sanduku lake kwa kuku. Kwamba nimemwaibisha mbele ya fundi wa Beni. Kwamba kuanzia leo nisipime hata kamto. Wanaume wawili waliinama juu ya randa zao, lakini niliona mabega yanatikisika kwa kicheko. “Imerudi,” mmoja alinong’ona nilipopita. “Ya kwanza.”

“Patron,” nikasema, “imbwa alikuwa muzima. Tulimupima kama amekufa. Ni hiyo tu.”

Akaenda nyuma ya mlango, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya 82, 36, 50, kwa nguvu mpaka ncha ikavunjika. Kisha akatoka kwenda kugombana na muuza mbao.

Mchana ule walipokwenda kula, nilibaki peke yangu. Nilichonga ile kalamu kwa kisu cha kukatia uzi. Nilisimama mbele ya ile mbao ya ukutani, na watu wote wale bila majina, wamepigiwa mistari, mmoja chini ya mwingine, wengine wafupi sana. Chini ya mstari wa imbwa palikuwa na nafasi. Nikaandika: 94, 42, 70. Nikapuliza vumbi la kalamu. Pembeni nikaongeza kwa herufi ndogo, ili patron asizione kwa haraka: ya muzima. Nikarudisha kalamu mahali pake, na juu ya namba hizo sikupiga mstari.